Video Inafunguka lakini Haionekani: Jinsi ya Kujua Kama Imesukumwa Kando

Maandishi ya mazungumzo kwa wakazi wa Kitui na Makueni



Siku hizi lalamiko la mwananchi halingoji baraza. Lori likishuka mtoni usiku kuchota mchanga, kijana anatoa simu, anarekodi, na kabla ya asubuhi video iko YouTube na kiungo chake kinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Baada ya siku chache huzuka neno jingine: "Ile video imezimwa." Anayesema hivyo huwa na sababu. Ameitafuta hakuipata, na jirani yake hajaiona hata mara moja kwenye mapendekezo ya simu yake. Lakini mtu mwenye kiungo akikibonyeza, video inafunguka bila shida.

Jambo hilo si dogo katika kaunti hizi. Mito mingi ya hapa hukauka juu, na maji yakabaki chini ya mchanga. Mchanga ukiisha, kina mama hawachimbi tena kisima mtoni wakapata maji. Ndiyo maana Makueni ilitunga sheria yake ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka 2015. Video ya mchanga ikisemekana imefichwa, watu hunyoosheana vidole: wenye malori, wanasiasa, polisi, na serikali ya kaunti yenyewe. Shutuma ikiwa ya kweli, inahitaji ushahidi. Ikiwa si ya kweli, watu wanagombana bure na kosa lenyewe linabaki palepale, na video inaendelea kukosa watazamaji.

Yafuatayo yanaeleza namna ya kutofautisha mambo hayo mawili. Yanahusu YouTube zaidi, kwa sababu huko mwenye video hupewa hesabu za kutosha kujichunguzia.

Milango minne ya video

Mtu huifikia video kwa njia nne. Ya kwanza ni kiungo alichotumiwa. Ya pili ni ukurasa wa chaneli iliyoipakia. Ya tatu ni utafutaji, yaani anaandika maneno na kuletewa orodha. Ya nne ni mapendekezo: video zinazojitokeza zenyewe mtu anapofungua YouTube, au zinazopangwa kando na chini ya video anayoitazama.

Video iliyosukumwa kando ni ile ambayo milango miwili ya kwanza iko wazi huku wa tatu, au wa nne, au yote miwili, imefungwa. Lazima milango hiyo ichunguzwe mmoja mmoja, kwa kuwa kila mmoja una kipimo chake. Anayesema tu "haionekani" bado hajasema ni mlango upi.

Mfano ufuatao ni wa kutungwa, na tarakimu zake zimewekwa kwa ajili ya hesabu, lakini mambo yanayotokea ndani yake ni ya kawaida kabisa. Vijana wa kijiji kimoja karibu na Mto Thwake wamepakia video ya dakika sita yenye kichwa "Mchanga wa Mto Thwake unaisha". Ndani yake kuna mashimo yaliyoachwa na malori, na watoto wa shule wanaotembea na mitungi kutafuta maji. Baada ya wiki mbili imetazamwa mara 1,200, karibu zote kupitia WhatsApp. Sehemu ya maoni imeandikwa "Comments are turned off". Wafuasi wa chaneli wanasema kengele haikulia. Shangazi wa mmoja wao aliyeko Mutomo aliandika neno "mchanga" na hakuiona. Kijiji kizima kinaamini kuna mkono wa mtu.

Kwanza, tazama YouTube yenyewe inasema nini

Kabla ya jaribio lolote, mwenye chaneli afungue `studio.youtube.com` na kuingia sehemu ya "Content". Mbele ya kila video kuna safu iitwayo "Visibility". Ikisomeka "Public", video iko wazi kwa wote. Ikisomeka "Unlisted", basi fumbo limekwisha: video hiyo hufunguka kwa kiungo tu, haitokei kwenye utafutaji wala kwenye ukurasa wa chaneli, na hakuna aliyeifungia isipokuwa mkono wa aliyeipakia. Kosa hili ni la kawaida sana, hasa kwa video iliyopakiwa haraka kwa simu.

Mtu asiye mwenye chaneli naye anaweza kulijua hilo. Kwenye ukurasa wa video ya namna hiyo huwa na alama ya "Unlisted" karibu na kichwa. Mwenye kompyuta anaweza pia kufungua msimbo wa ukurasa kwa kubonyeza Ctrl na U pamoja, kisha akatafuta neno `isUnlisted`. Video iliyo wazi itasomeka hivi:

```
"isUnlisted":false
```

Karibu na hapo kuna orodha iitwayo `availableCountries`, yenye herufi mbilimbili za kila nchi ambako video inaruhusiwa kufunguka. Kenya ni `KE`. Video iliyozuiwa Kenya kwa amri ya kisheria haifunguki hapa nchini. Mtazamaji huletewa ujumbe kwamba haipatikani katika nchi yake. Kwa hiyo video inayofunguka Wote na Mwingi bila tatizo haijazuiwa kwa njia hiyo.

Hapa inafaa kukumbuka jambo lililotokea mwaka 2016. Bodi ya Filamu ya Kenya iliitaka Google iiondoe YouTube video ya wimbo "Same Love (Remix)" wa kundi la Art Attack. Google haikuiondoa. Video iliendelea kufunguka, lakini mbele yake likawekwa onyo kwamba huenda isiwafae baadhi ya watazamaji. Ombi la serikali huacha alama: ama video haifunguki, ama kuna onyo, na Google huchapisha ripoti ya maombi inayopata kutoka kwa serikali za nchi mbalimbali, Kenya ikiwemo. Serikali ya kaunti haina kitufe cha kuitoa video kwenye utafutaji wa YouTube.

Video ya Mto Thwake ni "Public", na `KE` imo kwenye orodha. Hatua ya kwanza haikutoa jibu, na vijana wanaendelea.

Pili, mtihani wa utafutaji

Shangazi wa Mutomo alifanya mtihani usio wa haki. Neno "mchanga" limo kwenye maelfu ya video, za ujenzi, za bahari, za watoto wakicheza. Kutoiona video moja kati ya hizo si ushahidi wa lolote. Kuwa chini kwenye orodha ni kitu kimoja, na kutokuwemo kabisa ni kitu kingine.

Mtihani wa haki hutumia kichwa chote cha video, neno kwa neno, ndani ya alama za kunukuu:

```
"Mchanga wa Mto Thwake unaisha"
```

Simu ya anayetafuta isiwe imeingia kwenye akaunti ya YouTube. Kwenye Chrome, achague "New Incognito tab" kisha afungue `youtube.com` humo. Sababu ni kwamba YouTube hukumbuka kila mtu alichotazama; mwenye video akiitafuta kwenye simu yake mwenyewe huenda akaiona ya kwanza, ilhali wengine hawaioni. Jaribio lirudiwe kwenye simu tatu, ikiwezekana za mitandao tofauti na miji tofauti, siku ileile.

Kisha lije jambo ambalo wengi huliacha: kipimo cha kulinganisha. Kwa simu zilezile, vijana watafute video yao nyingine, iliyo "Public" kama hiyo, yenye urefu na umri unaokaribiana. Ikiwa video zote mbili hazionekani, tatizo ni la chaneli nzima au la utafutaji wenyewe siku hiyo. Ikiwa ya pili inaonekana na ya kwanza haipo kabisa kwenye simu zote tatu, hapo kuna jambo la kufuatilia.

Mambo mawili huharibu mtihani huu. La kwanza ni waifai ya shule, maktaba au saiba iliyowekewa "Restricted Mode", ambayo huficha video nyingi na maoni yake kwa kila anayetumia mtandao huo. Kuna ukurasa wa YouTube unaosema wazi kama mtandao umebanwa hivyo:

```
youtube.com/check_content_restrictions
```

La pili ni tahajia. Video nyingi za hapa hubeba maneno ya Kikamba, na mwandishi mmoja huandika "kĩthangathĩ" kwa alama, mwingine "kithangathi" bila alama. Utafutaji ufanywe kwa namna zote mbili kabla ya kutoa hukumu. Vilevile video iwe na angalau siku mbili au tatu tangu kupakiwa au kubadilishwa kichwa, ili mtambo uwe umeisoma.

Vijana wa Thwake walipofanya mtihani kwa kichwa kamili, video yao ilitokea ya tatu kwenye simu moja na ya kwanza kwenye simu mbili. Mlango wa utafutaji, basi, uko wazi. Neno "imefutwa kwenye search" halina msingi, na lisirudiwe.

Tatu, mapendekezo husomwa kwenye hesabu

Mlango wa nne haupimwi kwa kutazama simu. Mapendekezo ya kila mtu ni yake, na watu hamsini wanaweza kukosa kuiona video ambayo wengine hamsini wameletewa. Ushahidi uko mahali pamoja tu, nao ni "Analytics" ndani ya Studio, na ni mwenye chaneli pekee anayeweza kuufungua. Kwa hiyo mtu wa nje anayetangaza kwamba video ya mwingine imeondolewa kwenye mapendekezo anakisia.

Kwenye "Analytics" ya video husika kuna jedwali la "Traffic source types", linaloonyesha watazamaji waliingia kwa mlango upi. "External" ni waliotoka nje, kama WhatsApp na Facebook. "Direct or unknown" ni waliofungua kiungo moja kwa moja. "Channel pages" ni waliopitia ukurasa wa chaneli. "YouTube search" ni waliotafuta. "Browse features" na "Suggested videos" ndizo mapendekezo.

Video ya mchanga, katika siku 14 za kwanza, ilisomeka hivi: "External" 870, "Direct or unknown" 190, "Channel pages" 70, "YouTube search" 62, na mapendekezo ya aina zote mbili 8. Jumla ni 1,200. Mapendekezo hayakufika hata mmoja kwa kila mia.

Vijana haohao walikuwa na video nyingine ya dakika tano, kuhusu ujenzi wa bwawa la mchanga. Nayo, katika siku zake 14 za kwanza, ilitazamwa mara 640: "External" 210, "Direct or unknown" 60, "Channel pages" 50, "YouTube search" 110, na mapendekezo 210. Hapo mapendekezo ni karibu theluthi ya jumla.

Tofauti kati ya 8 na 210 kwenye chaneli moja ni kubwa, lakini bado haijaeleza sababu. Huenda YouTube iliitandaza video ya mchanga mbele ya watu, nao wakaipita. Swali hilo hujibiwa na tarakimu mbili zilizo palepale. "Impressions" ni mara ngapi picha ya jalada ya video ilionyeshwa kwa watu ndani ya YouTube. "Impressions click-through rate" ni asilimia ya mara ambazo walioonyeshwa waliibonyeza. YouTube imeeleza kwamba nusu ya chaneli na video zote huwa kati ya asilimia 2 na 10.

Video ya bwawa ilionyeshwa mara 7,400 na kubonyezwa kwa asilimia 5. Video ya mchanga ilionyeshwa mara 2,000 tu, lakini ikabonyezwa kwa asilimia 7. Yaani wachache walioonyeshwa waliitaka zaidi kuliko walivyoitaka ile nyingine. Watu hawakuikataa; haikuletwa mbele yao. Hapo ndipo lalamiko la vijana linapopata uzito wa kwanza, na hapo ndipo sababu inapaswa kutafutwa ndani ya mipangilio.

Tahadhari moja tu: video iliyotazamwa mara 40 haiwezi kupimwa hivi. Tarakimu zikiwa ndogo mno, bahati peke yake hutosha kuleta tofauti.

Sababu ilipopatikana

Dalili mbili ambazo kijiji kilizisoma kama mkono wa mtu, yaani maoni kufungwa na kengele kutolia, ndizo zilizotoa jibu. Chini ya mipangilio ya video kuna sehemu ya "Audience" yenye swali kama video imetengenezwa kwa ajili ya watoto. Kijana aliyepakia alichagua "Yes, it's made for kids", kwa sababu ndani ya video kuna watoto.

Swali hilo haliulizi kama watoto wanaonekana. Linaulizia video iliyokusudiwa kutazamwa na watoto, kama katuni na nyimbo za chekechea. Mwaka 2019 Google na YouTube zilikubali kulipa dola milioni 170 nchini Marekani katika kesi ya kukusanya habari za watoto bila idhini ya wazazi, na baada ya hapo kila mpakiaji duniani analazimika kujibu swali hilo. Video iliyowekwa kuwa ya watoto hufungwa maoni, haipigi kengele ya wafuasi, haihifadhiwi kwenye orodha ya mtazamaji, na huelekea kupendekezwa pamoja na video nyingine za watoto. Video ya uchimbaji mchanga imepelekwa kwa watazamaji wa katuni. Lakini utafutaji haukufungwa, na ndiyo maana mtihani wa kichwa kamili uliipata.

Marekebisho ni kuchagua "No, it's not made for kids" na kuhifadhi. Ikiwa YouTube yenyewe ndiyo iliyoweka alama hiyo, mwenye video huenda asiweze kuibadilisha, bali atalazimika kuomba uamuzi upitiwe upya. Baada ya kubadilisha, vijana waandike tarehe, wasiguse kichwa wala picha ya jalada, kisha walinganishe "Impressions" za siku 14 zinazofuata na zile za kwanza. Zikipanda, sababu imethibitika. Zisipopanda, sababu bado haijajulikana, na ni haki kusema hivyo badala ya kumtaja mtu.

Pale YouTube inapopunguza kwa makusudi

Isidhaniwe kwamba kila mara kosa ni la mpakiaji. Januari 2019 YouTube ilitangaza kwamba itapunguza kupendekeza video zinazokaribia kuvunja kanuni bila kuzivunja, na zile zinazoweza kupotosha watu kwa madhara. Mifano iliyotolewa ilikuwa tiba bandia ya muujiza kwa ugonjwa mkubwa, na madai kwamba dunia ni bapa. Kampuni ilisema hizo ni chini ya asilimia 1 ya video zote, na kwamba zinaweza kuendelea kuonekana kwenye utafutaji na kwa wafuasi wa chaneli. Hivyo mkazi mwenye video inayodai kwamba dunia ni bapa anaweza kukuta mapendekezo yamekauka huku mipangilio yake yote ikiwa sawa. Studio haina safu inayomwambia hivyo. Dalili pekee ni jedwali: "Impressions" zimeshuka, utafutaji unaendelea, na hakuna mpangilio unaoeleza.

TikTok huwa wazi zaidi. Video ikiondolewa kwenye ukurasa wa "For You", mwenye akaunti huweza kuona kwenye takwimu za video hiyo kwamba haistahili kupendekezwa, na huweza kukata rufaa palepale. Tena huko, video za akaunti za walio chini ya miaka 16 hazipelekwi "For You" kwa kanuni ya jumla. Mwanafunzi wa umri huo anayelalamika kwamba video yake haisambai hajaonewa na mtu.

Cha kuwa nacho mkononi

Mkazi anayeamini kwamba video yake imesukumwa kando, na anayetaka kulipeleka lalamiko YouTube, kwa mwandishi wa habari au kwa ofisi yoyote, awe na picha za skrini za mambo manne. Ya kwanza ni safu ya "Visibility" na jibu la "Audience". Ya pili ni matokeo ya kutafuta kichwa kamili kwenye simu tatu zisizoingia akaunti, pamoja na ya video ya kulinganisha, yakiwa na tarehe na saa. Ya tatu ni jedwali la "Traffic source types" la video zote mbili kwa idadi sawa ya siku. Ya nne ni "Impressions" za siku kwa siku, ili ijulikane kama zilikuwa ndogo tangu mwanzo au zilianguka siku moja maalumu. Zikiwa zilianguka ghafla, aandike kilichobadilishwa siku hiyo.

Mtu mwenye karatasi hizo nne anaweza kusema ni mlango upi umefungwa na tangu lini. Nani aliufunga ni swali jingine, na hesabu hizi hazilijibu mpaka YouTube yenyewe iseme.